Tempe: ukungu uko hai kweli, ila sio huo wa kuogopa

"Naomba kuuliza. Niko Den Haag huku, nilinunua tempe kwenye duka la Waindonesia, nyeupe kama imefungwa na pamba. Siku ya tatu kwenye friji imetoa madoa meusi pembeni, mume wangu anasema ni ukungu nitupe, mwenye duka anasema ndio ilivyo. Ni kweli inatengenezwa na ukungu ulio hai? Ni salama? Maana watoto wameshakula. Nilitaka pia nijaribu kutengeneza mwenyewe, kwa soya na hata kwa machicha ya nazi nisiwe nayatupa. Asante."

Shemeji na mwenye duka wote wamesema kweli dada yangu. Tempe ni soya iliyochemshwa ikafungwa na ukungu mpaka ikawa bamba moja. Ni ukungu, tena uko hai, na ndio ilivyo. Kama uliipika, watoto usiwe na wasiwasi nao. Ila hiyo habari ya machicha naomba uisimamishe kabisa mpaka umalize kusoma, maana kwenye swali lako lote hapo ndipo nilipostuka, ntafika.

Kwanza nimtetee shemeji kidogo. Mtu aliyekulia huku kwetu akiona chakula kina ukungu anaogopa na ana haki, mahindi yenye ukungu yameua watu. Kenya mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo ya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumukuvu. Sasa ile sumukuvu inatengenezwa na kuvu nyingine kabisa, ile ya kijani kijani inayopenda mahindi na karanga zilizowekwa ghalani hazijakauka vizuri. Kuvu ya tempe haitengenezi sumukuvu. Ukisoma pakiti ya chachu ya tempe utakuta imeandikwa `Rhizopus oligosporus`, ndio jina lake, na watu wa kisiwa cha Java wameishi nayo vizazi na vizazi, zamani walikuwa wanaibeba kwenye majani ya mti fulani wa pwani wanaouita waru, wanakandamiza soya iliyoiva kati ya majani, kuvu inashika chini ya jani, jani linakaushwa na ndilo linakuwa mbegu ya tempe inayofuata. Kama vile sisi tunavyobakiza mtindi kidogo wa kugandishia maziwa ya kesho.

Ule weupe unaouona sio kitu kilichopakwa juu. Ni nyuzi nyuzi za kuvu yenyewe, zimeota kati ya punje na kuingia mpaka ndani ya punje, zimezifunga pamoja ndo maana ukikata tempe inakatika kama keki badala ya kumwagika kama maharage. Kuvu inakula soya na katika kula inaivunja vunja ile protini ngumu, kwahiyo tumbo linakuta kazi nusu imeshafanywa.

Na madoa meusi? Hizo ni mbegu zake. Kuvu ikishakua vya kutosha na ikapata hewa nzuri inaanza kuzaa, na mbegu zake ni za rangi ya kijivu mpaka nyeusi. Angalia vizuri utaona madoa yamejipanga pale plastiki ilipotobolewa au pembeni ambako hewa inaingia, sio katikati. Huo ni uzee tu, sio kuoza. Ladha inaanza kuwa chungu kidogo, basi. Wajava wala hawaitupi, ile iliyozeeka wanaisaga kwenye mchuzi wa pilipili kama kiungo. Cha kuogopa ni rangi nyingine, yaani pinki, nyekundu, njano, kijani au bluu, na utelezi ule wa kuvutika kama bamia, na harufu kali ya amonia inayokupiga puani ukifungua. Tempe nzima inanukia kama uyoga mbichi, wengine wanasema kama mkate mbichi. Kwahiyo kipande chako kinuse, kama ni uyoga kikate, kipike leo leo kwa sababu hata kwenye friji bado kinaishi, baridi inakipunguza mwendo tu.

Hapo kwenye kuishi kuna jambo watu wengi hawalijui. Tempe za supamaketi huko Ulaya nyingi sio hai tena, zimepitishwa kwenye mvuke au maji ya moto kiwandani kisha zikafungwa kwenye plastiki iliyonyonywa hewa, ndo maana zinakaa wiki kadhaa. Zile za duka la Waindonesia mara nyingi zinakuja mbichi, plastiki ina vitobo vya sindano na ndani ina jasho, ukizipanga nyingi pamoja zinapata joto zenyewe. Yako iliyotoa madoa kwenye friji ilikuwa mbichi, iliyopikwa kiwandani haiwezi tena kuzaa mbegu. Na mbichi lazima upike. Sio kwa sababu ya kuvu, kwa sababu ya wageni wengine walioweza kuingia nayo.

Na hili ndilo nataka ulishike, maana swali la "ukungu uko hai au umekufa" sio lenyewe linaloamua usalama. Kinachoamua ni nani mwingine alikuwa kwenye ile soya wakati kuvu inaota. Soya iliyochemshwa, yenye unyevu, ikakaa siku moja na nusu kwenye joto la nyuzi 30, hiyo ni karamu ya kila kijidudu kilichopo mjini. Tempe inakuwa salama pale ambapo kuvu imewahi kufika, imefika kwa wingi na imeshinda mbio. Ikichelewa au ikiwa dhaifu anashinda mwingine.

Ngoja nikuelezee vile ninavyofanya mwenyewe hapa Tanga uone mbio zenyewe zilivyo. Nachukua soya kavu nusu kilo, nachambua zote zilizovunjika, zilizokunjamana na zenye madoa, na hapa sina mzaha kwa sababu kama soya ilishakuja na sumukuvu yake kutoka ghalani basi hakuna kuvu wala moto utakaoitoa. Naloweka usiku kucha. Asubuhi nasugua kwa mikono maganda yatoke, yanaelea namwaga, hii kazi inachosha lakini ganda likibaki kuvu haiingii ndani. Nachemsha kama saa nzima mpaka punje inabonyea ila haijawa uji, karibu na mwisho natia siki vijiko viwili vya chakula. Siki ni ulinzi, kuvu ya tempe haijali uchachu kidogo lakini bakteria wengi wanaouozesha mzigo wanauchukia. Halafu namwaga maji yote na narudisha sufuria jikoni moto mdogo nageuza geuza mpaka punje zikauke juu. Hatua hii ndio wengi wanairuka afu wanalalamika, punje zikiwa na maji juu yake bakteria wanaogelea, punje zikiwa kavu nje na laini ndani kuvu ndo inatamba.

Zikipoa mpaka ukishika unaona joto kama la mwili wako hivi, sio zaidi, natia chachu kijiko kimoja cha chai, nachanganya sana, naweka kwenye mifuko ya plastiki niliyoitoboa kwa sindano kila sentimita moja, unene wa vidole viwili tu. Juzi juzi nilifunga saa mbili usiku. Saa mbili asubuhi hamna kitu, plastiki ina jasho tu, mtu mgeni angedhani imeharibika. Kufika saa sita mchana nikigusa mfuko una joto kuliko chumba na kuna weupe kama pumzi kwenye kioo. Saa mbili usiku ni nyeupe ila ukikunja inavunjika. Kesho yake asubuhi saa mbili, masaa 36 yametimia, imekaza, imekuwa bamba moja, harufu ya uyoga. Imeshinda.

Lile joto la mchana ndipo mitego ilipo. Kuvu ikishika kasi inatoa joto lake yenyewe, kwahiyo yule aliyeifunika blanketi usiku asiposhtuka akaifunua mchana anaiua. Mimi yalinikuta mwezi wa tatu, na Tanga mwezi wa tatu unaijua, nikapanga mifuko sita juu kwa juu kwenye boksi nikafunga nikaenda kazini. Narudi nachomeka kipimajoto katikati, nyuzi 44. Mifuko ya juu na chini ilikuwa mizuri, ya katikati nyeupe imesinyaa imekuwa ya kahawia, inateleza, inanuka kama choo cha stendi. Kuvu ilijipika yenyewe, bakteria wakarithi. Nilitupa minne kati ya sita, hata kuku sikuwapa. Huko kwako shida itakuwa kinyume, baridi, wengi wanaweka kwenye oveni iliyozimwa wakaacha taa yake tu inawaka, ila kipimajoto kiwe ndani, usikisie.

Sasa hao wageni wako wa aina mbili na tofauti yao ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Wa kwanza wanakufa kwa moto. Mfano mzuri ni Asheville, North Carolina, Marekani, mwaka 2012, watu zaidi ya 80 waliugua kwa bakteria anayeitwa salmonela na chanzo kikaonekana ni tempe mbichi isiyopitishwa kwenye moto kiwandani, na walipofuata nyuma wakakuta chachu yenyewe iliyoagizwa ndio ilikuja na salmonela. Yaani mtengenezaji alipanda kuvu na salmonela kwa mkono mmoja. Cha kujifunza jikoni hapo ni kwamba kama bamba zima la tempe limeiva kwa moto salmonela imekufa, lakini kile kibao ulichokatia tempe mbichi afu ukakatia nyanya za kachumbari, hicho ndicho kinachowalaza watu. Mi tempe mbichi naichukulia kama kuku mbichi, kibao chake, kisu chake, mikono inaoshwa. Naipitisha kwenye mvuke dakika kumi na tano, ndo naikata naitumbukiza kwenye maji ya kitunguu saumu kilichosagwa, giligilani na chumvi, kisha kwenye mafuta ya moto. Inatoka na rangi ya dhahabu, watoto wangu wanaila kama viazi.

Kuvu yenyewe kwa watu wengi isingewafanya kitu hata bila kupikwa, lakini kuna watu lazima wajihadhari nayo. Hii kuvu ya tempe ni ya ukoo mmoja na zile zilizosumbua India mwaka 2021 wakati wa korona, walizoziita fangasi weusi, zilikuwa zinawashika hasa wenye kisukari kilichopanda na waliokuwa wanapewa dawa za kushusha kinga. Sio kuvu ile ile na haiingii kwa kula tempe iliyopikwa. Ila mtu aliye kwenye dawa za saratani, aliyepandikizwa figo, au mwenye kisukari kisichotulia, asiwe yeye ndo anatengeneza, asifungue mifuko iliyojaa mbegu nyeusi akaivuta puani, na ale iliyoiva tu. Na kwa sababu hiyo hiyo usije ukategea ukungu wowote wa mkate ukasema nao ni mweupe basi nao ni tempe. Nunua chachu.

Wageni wa pili hawafi kwa moto, au niseme wenyewe wanakufa ila sumu waliyoacha inabaki. Na hapa ndo tumefika kwenye machicha yako.

Wazo lako sio geni, ndo kinachoniuma. Java ya kati, wilaya ya Banyumas, watu walikuwa na wazo hilo hilo na kwa sababu hiyo hiyo, nazi imekamuliwa mafuta, mashudu yamebaki, kutupa ni dhambi, soya ni ghali. Wakayapandia kuvu ya tempe ikaota vizuri tu, nyeupe, ikafunga. Wakaiita tempe bongkrek. Mara nyingi ilikuwa haina neno, familia inakula mwaka mzima. Halafu siku moja nyumba nzima inalala haiamki.

Miaka ya 1930 wanasayansi wawili Waholanzi huko Batavia, ndiyo Jakarta ya leo, van Veen na Mertens, ndio waliomkamata mhalifu, na hakuwa kuvu. Ni bakteria mmoja anayeishi kwenye udongo na mimea, ambaye akikutana na mafuta ya nazi anatengeneza sumu inayoitwa asidi ya bongkrek. Kwenye soya sio rahisi afanye hivyo, kwenye nazi yuko nyumbani kwake. Kama chachu ilikuwa nyingi na nzima kuvu inamfunika kabla hajaanza. Kama ilikuwa kidogo au imechoka, wanaota pamoja, na kwa juu unaona tempe tu. Wakati mwingine yule bakteria anatoa na sumu nyingine ya rangi ya njano, kwahiyo wanakijiji walijua bongkrek ya njano hailiwi. Tatizo ni kwamba ile asidi yenyewe, ambayo ndio muuaji mkubwa, haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kuchemsha haiondoi. Kukaanga haiondoi. Na kiasi cha kuua mtu mzima ni kama miligramu moja na ushee, yaani punje chache za chumvi.

Inavyoua ni kwamba ndani ya kila seli ya mwili kuna vile vijiinjini vinavyotengeneza nguvu, na ile nguvu inatoka kupitia kama mlango. Asidi hii inaziba mlango. Injini inazunguka lakini nguvu haitoki. Mtu anaanza masaa machache baada ya kula, tumbo, kizunguzungu, jasho, usingizi mzito, sukari ya damu inavurugika, afu anazima, pengine ndani ya siku hiyo hiyo. Hakuna dawa ya kuifuta hiyo sumu, hospitali wanamsaidia mwili tu. Serikali ya Indonesia ilipiga marufuku kutengeneza bongkrek mwaka 1988 baada ya watu wengi kufa tena.

Na usidhani ni mambo ya huko mbali. Januari 2015, Msumbiji, mji mdogo wa Chitima mkoani Tete, watu walitoka mazikoni wakanywa pombe ya kienyeji, 177 wakalazwa hospitali, 75 wakafa. Mtaani ikavuma ni nyongo ya mamba, na huku kwetu pia tungesema hivyo hivyo. Ilipopimwa maabara ikakutwa ni asidi ya bongkrek, kutoka kwenye unga wa mahindi uliopikiwa ile pombe. Bakteria ni yule yule. Kwahiyo anaishi na sisi huku, anachosubiri ni chakula chenye unyevu, joto, mafuta au wanga, na mtu asiyemjua.

Ndo maana nakwambia soya sawa, jaribu, hata maharage ya kawaida, choroko au dengu zinakubali ukifuata hatua zile zile. Banyumas wenyewe leo ndiko wanakojivunia mendoan, tempe ya soya iliyokatwa nyembamba ikachovywa kwenye uji wa unga na kukaangwa nusu nusu, wanaila na pilipili mbichi. Nazi wameiacha. Na usichanganye hata kidogo, kuna anayedhani akitia kikombe kimoja cha machicha kwenye nusu kilo ya soya anaongeza utamu, huyo amemtandikia yule bakteria kitanda.

Machicha yako yakaushe kwenye oveni siku ile ile uliyokamua, moto mdogo mpaka yawe makavu kabisa yanachakacha mkononi, weka kwenye kopo, utie kwenye unga wa biskuti au vibibi. Ya jana yaliyolala kaunta usiyafanyie chochote, tupa tu.